Mama Furaha wawili katika kikundi kimoja: nani ni nani?

*Swali:* Mimi ni mtunza fedha wa likelemba ya wamama wa Kadutu, hapa Bukavu, kikundi cha kuchangiana pesa na kupokezana kwa zamu. Tuko 24, kila mmoja anatoa dola 20 kwa mwezi, na mambo yetu tunayapangia kwenye WhatsApp. Sasa naona Mama Furaha wawili katika kikundi: jina moja, na picha zinafanana, kitenge kile kile cha buluu. Mmoja namba yake inaanza na +243, mwingine na +250. Huyu wa +250 ameniandikia pembeni kwamba zamu ya mwezi huu ni yake, nimtumie pesa kwa namba ya M-Pesa aliyonipa. Nitajuaje nani ni nani bila kumkosea heshima aliye wa kweli?

*Jibu:* Mama mtunza fedha, pesa ya zamu isitoke kabla hujazungumza na Mama Furaha kwa sauti, kwa namba iliyoandikwa katika daftari la kikundi tangu siku alipojiunga, au kabla hujakaa naye ana kwa ana. Mengine nitakayoeleza yatakusaidia kuelewa kile unachokiona kwenye simu yako na kupunguza mashaka, lakini hakuna hata moja kati yake linaloweza kushika nafasi ya hilo.

Nianze na picha, ili tuiweke kando mapema. Katika WhatsApp, mwenye akaunti hujiwekea mwenyewe jina na picha, na hakuna anayekagua kama jina ni lake au kama uso ule ni wake. Mtu yeyote anayeiona picha ya mwenzake anaweza kuichukua na kuiweka kwake kwa muda mfupi sana, kwa hiyo kulinganisha hereni, mkunjo wa kitenge au mwanga wa picha hakutakufikisha popote. Tena picha mbili zinaweza kufanana bila hila yoyote: kwenye arusi za kwetu akina mama hununua kitenge cha sare, hupigwa picha mahali pamoja mbele ya ukuta ule ule, kisha kila mmoja huweka yake. Picha inayofanana haimtii mtu hatiani, na picha tofauti haimtakasi.

Jina lina mtego wake, nao ni mkubwa zaidi kwa sababu unatoka ndani ya simu yako mwenyewe. Kama umehifadhi namba ya mtu katika orodha ya majina ya simu, WhatsApp inakuonyesha jina ulilomwandikia wewe, siyo alilojipa yeye. Kama hujaihifadhi, unaona namba pamoja na jina alilojipa, likitanguliwa na alama hii: ~. Basi fungua orodha ya wanachama wa kikundi uangalie vizuri. Yule wa +243 huenda anaonekana kama “Mama Furaha” kwa sababu wewe ndiye uliyemwandika hivyo miaka iliyopita, na yule wa +250 anaonekana kama “~Mama Furaha” kwa sababu yeye ndiye anayejiita hivyo. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, ingawa kwa macho yanafanana. La kwanza ni kumbukumbu yako. La pili ni dai la mtu.

Kutokana na hapo, nakuomba usiihifadhi namba ya +250 kwa jina la “Mama Furaha mpya” au “Mama Furaha 2” kabla ya kuhakikisha. Ukishafanya hivyo, ile alama itatoweka, simu itaanza kukurudishia neno lako mwenyewe kana kwamba ni ushahidi, na baada ya wiki mbili hutakumbuka kwamba hukuwahi kuuliza. Ihifadhi kwa jina lisilodai chochote, kwa mfano “Haijahakikishwa” pamoja na tarakimu mbili za mwisho. Kumbuka pia kwamba kila mwanachama anaona majina kutokana na orodha ya simu yake, hivyo mwenzako akikutumia picha ya skrini inayoonyesha jina fulani, hiyo inathibitisha alichoandika yeye tu.

Kinachotofautisha akaunti mbili kwa kweli ni namba. Akaunti ya WhatsApp husimama juu ya namba moja ya simu, na ukigusa jina la mwanachama utaiona namba hiyo kamili pamoja na msimbo wa nchi: +243 ni Kongo, +250 ni Rwanda, +257 ni Burundi. Kwa mtu wa Kinshasa namba ya Rwanda ingeweza kuwa ishara ya kutisha. Kwetu Bukavu haina uzito huo. Daraja la Ruzizi likivukwa mtu yuko Rusizi, wafanyabiashara wengi wana kadi za simu za pande zote mbili, na tangu mwanzo wa 2025 familia nyingi zimetawanyika, wengine Rwanda, wengine Burundi, wengine mbali zaidi. Mama Furaha wa kweli anaweza kabisa kuwa na namba ya +250.

Ila kuna jambo wengi hawalijui kuhusu namba hizo. WhatsApp huihitaji kadi ya simu siku ya kufungua akaunti au kuihamishia simu nyingine tu, ili kupokea msimbo wa tarakimu sita. Baada ya hapo kadi inaweza kutolewa, kupotea, au kubaki kwa mtu mwingine, na akaunti ikaendelea kufanya kazi kwa mtandao wowote. Kwa hiyo +250 haikuambii kwamba mtu yuko Rwanda, wala haikuambii kwamba kadi hiyo iko ndani ya simu anayoitumia. Inakuambia kwamba siku moja mtu aliyeipata namba hiyo alifungua akaunti nayo, basi.

Sasa, ulichonacho kinaweza kuwa na maelezo matatu, na ni vizuri uyaweke yote mezani kabla hujamshuku mtu. Huenda ni mama mmoja mwenye akaunti mbili, ya zamani na mpya. Huenda ni akina mama wawili wa kweli, maana “Mama Furaha” ni jina la uzazi na katika Kadutu peke yake hutakosa wengi wenye mtoto anayeitwa hivyo. Na huenda mmoja ni mtu wa nje aliyevaa jina na picha ya mwenzenu. Kazi yako ni kutafuta jambo ambalo lingekuwa kweli katika hali moja na lisiwe kweli katika nyingine.

Jambo la namna hiyo lililo karibu zaidi ni jinsi kila namba ilivyoingia katika kikundi. WhatsApp huacha mstari mdogo katikati ya mazungumzo kila mtu anapoingia, unaosema ama fulani amemwongeza fulani, ama fulani ameingia kwa kiungo cha mwaliko. Rudi nyuma katika mazungumzo mpaka uupate mstari wa ile namba ya +250. Kama wewe hukuwepo wakati huo au umebadilisha simu, mwombe mwanachama wa zamani au msimamizi wa kikundi akutafutie, kwa kuwa mtu haoni yaliyotokea kabla hajaingia. Ukikuta kwamba aliongezwa na msimamizi, una mtu wa kumuuliza: “Huyu ulimwongeza kwa ombi la nani, na alikuomba kwa njia gani?” Ukikuta kwamba aliingia kwa kiungo, hakuna aliyemdhamini, kwani kiungo hicho kikishasambazwa kwa mtu mmoja kinaweza kufika kwa yeyote. Angalia pia tarehe. Mtu aliyeingia siku chache baada ya orodha ya zamu kutangazwa anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko aliyeingia mwaka jana na kuchangia kila mwezi.

Angalia vilevile kama namba ya zamani bado imo. WhatsApp ina kazi inayoitwa “Changer de numéro” kwa simu zilizowekwa kwa Kifaransa. Mtu akiitumia, akaunti yake yote huhamia namba mpya, kikundi hupata taarifa ya mabadiliko hayo, na namba mpya hushika nafasi ya ile ya zamani, hazibaki mbili. Wewe unaona mbili, maana yake kazi hiyo haikutumika. Yule wa +250 alifungua akaunti nyingine kabisa kisha akaingia kama mgeni. Usikimbilie kumhukumu kwa hilo, kwa sababu aliyeibiwa simu pamoja na kadi hana namna ya kuihamisha akaunti yake mpaka kwanza aipate tena ile namba, na wengi huona ni rahisi kuanza upya. Lakini kama anakuambia “nimebadilisha namba tu,” na papo hapo akaunti ya +243 inaendelea kuandika katika kikundi, maneno yake na unachokiona havikubaliani, na hilo ni swali la haki kumuuliza.

Tufike kwenye simu yenyewe. Chukua daftari la kikundi, siyo simu, utafute namba aliyoiacha Mama Furaha alipojiunga. Daftari lina faida kwamba liliandikwa kabla ya jambo hili kuzuka, na hakuna aliyeweza kulibadilisha kwa ujumbe. Kisha piga simu ya kawaida, ile inayokula yuniti, usipige kupitia WhatsApp. Sababu ni hii: ikiwa mtu amewahi kumhadaa Mama Furaha akampa ule msimbo wa tarakimu sita, akaunti yake inaweza kuwa mikononi mwa mtu huyo ingawa namba ni ile ile, na wito wa WhatsApp utamfikia mwizi. Simu ya kawaida hufuata kadi ya simu, siyo akaunti. Usipige namba aliyokupa yule wa +250, hata akikuambia kwamba ile ya zamani haifanyi kazi. Ukipiga namba aliyoitoa mtu unayemchunguza, umemuuliza yeye kuhusu yeye.

Akipokea na ukaitambua sauti, usiishie kuuliza “Je, +250 ni yako?” Mtu mwenye shughuli sokoni anaweza kujibu “ndiyo, ndiyo” bila kusikia vizuri. Fanya hivi. Akiwa bado kwenye simu, chagua wewe neno moja la papo hapo, lisilohusiana na kikundi, kwa mfano “sambaza za Jumanne”, umwambie kwa mdomo, kisha umwombe aliandike katika mazungumzo yako na akaunti ya +243, halafu aliandike tena kutoka akaunti ya +250. Neno hilo halijaandikwa popote, kwa hiyo aliyelisikia ni yeye tu na waliosimama karibu naye. Likija kutoka akaunti zote mbili ndani ya dakika chache, umeziunganisha akaunti hizo na sauti unayoijua: ni mama mmoja mwenye akaunti mbili. Likija kutoka +243 pekee, na mama akashangaa kusikia kwamba kuna nyingine yenye picha yake, jibu umelipata. Na kama atasema, “Hapana, ile ni ya Mama Furaha mwenzangu wa upande wa Nyamugo, tulikuwa naye arusini,” basi mpigie na huyo kwa njia hiyo hiyo, kwa namba atakayokuwa nayo mtu anayemjua tangu zamani.

Nasisitiza neno la papo hapo kwa sababu njia nyingine ambazo watu hupenda kuzitumia zina matundu. Maswali ya kumbukumbu, kama “Zamu ya mwezi uliopita alichukua nani?”, hayamkamati mtu ambaye tayari yumo katika kikundi, kwa kuwa amesoma yote yaliyoandikwa tangu alipoingia. Jina la mama mzazi au la kijiji cha asili hulijua nusu ya mtaa. Ujumbe wa sauti nao unaweza kuwa wa mwenyewe na bado ukawa umetumwa na mtu mwingine: aliyemo ndani ya kikundi anaweza kuchukua sauti ambayo Mama Furaha wa kweli aliituma hapo zamani akakuelekezea wewe. Ukiona neno “Transféré” juu ya ujumbe wa sauti, ujue haukurekodiwa kwa ajili yako, ila kutokuwepo kwa neno hilo hakukuhakikishii lolote, kwa sababu sauti inaweza kuchezwa kwenye simu moja na kurekodiwa kwenye nyingine.

Inawezekana namba ya daftari isipatikane. Hapo hali ni ngumu kidogo, kwani aliyepoteza simu na anayejifanya kuwa yeye watakuambia hadithi ile ile. Usisahau pia kwamba namba iliyokaa bila kutumika huweza kurudishwa sokoni na kampuni ya simu ikauzwa kwa mtu mwingine, kwa hiyo sauti ngeni ikipokea na kusema haimjui Mama Furaha, hiyo peke yake haimaanishi wizi. Katika hali hii nenda kwa mtu, siyo kwa simu: yule aliyemleta katika likelemba, jirani yake wa nyumba, shemeji yake, au mwenzake wa kibanda cha soko. Muulize amemwona lini mara ya mwisho na sasa hivi anapatikana wapi. Kama yuko Bukavu, kutaneni. Kama kweli yuko Rusizi au Bujumbura, mwombe mtu huyo huyo ampigie kwa namba anayoijua yeye, nawe ukiwa umekaa pembeni yake, mfanye lile jambo la neno moja. Wito wa video unafaa pia kama mtandao unaruhusu, mradi mzungumze na kuulizana ana kwa ana kwenye skrini kwa muda wa kutosha. Picha iliyoganda kwa sekunde tano na sauti inayokatika si kuonana.

Mkionana uso kwa uso, jaribio rahisi kuliko yote ni kumtumia ujumbe kwenye akaunti ya +250 yeye akiwa amekaa mbele yako, na kuangalia kama unaingia katika simu aliyoishika. Ukiingia, muombe kwa upole afungue sehemu ya “Appareils connectés” katika WhatsApp yake, maana akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, na mtu aliyewahi kuishika simu yake anaweza kuwa anasoma na kuandika kutoka kompyuta bila yeye kujua. Kama kuna kifaa asichokitambua, akiondoe hapo hapo.

Kuna na hatua ya pili ambayo inachukua dakika moja, na faida yake itaonekana baadaye. Katika mazungumzo yenu, gusa jina lake juu, kisha “Chiffrement”. Utaona mraba wa vidoti na chini yake tarakimu 60. Yeye afungue ukurasa huo huo kwenye simu yake kwa upande wa mazungumzo yake na wewe. Mmoja asome mraba wa mwenzake kwa kamera ya simu, au mlinganishe tarakimu kwa macho. Zikilingana, simu yako na simu ile iliyo mbele yako ndizo zinazozungumza. Msimbo huo haujui jina la mtu wala sura yake, kwa hiyo kuulinganisha kwa kutumiana picha kupitia WhatsApp na mtu ambaye hujamhakikisha hakuna maana yoyote. Baada ya hapo, washa “Notifications de sécurité” katika mipangilio ya akaunti yako. Siku akaunti yake ikihamia simu nyingine, utaona mstari unaosema kwamba msimbo wa usalama umebadilika. Mara nyingi itakuwa tu amenunua simu mpya au ameifuta WhatsApp na kuiweka tena. Ukiuona mstari huo, mpigie simu kabla ya kumtumia pesa, bila kumlaumu.

Sasa kuna kitu katika maelezo yako ambacho nadhani hukukizingatia: hapa hapana namba mbili, zipo tatu. Ipo +243 ya akaunti ya zamani, ipo +250 ya akaunti mpya, na ipo namba ya M-Pesa, ambayo ni lazima iwe ya Vodacom ya Kongo na kwa hiyo siyo ile ya +250. Hata ukihakikisha kwamba akaunti ya +250 ni ya Mama Furaha, bado hujaihakikisha namba ya pesa. Mwambie aitamke yote kwa sauti kwenye simu ya kawaida, tarakimu kwa tarakimu, na wewe uilinganishe na ile iliyoandikwa katika ujumbe. Wapo wanaobadilisha tarakimu za namba ya pesa peke yake, na kila kitu kingine kikabaki cha kweli.

Pale huduma inapokuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba yako ya siri, lisome polepole. Jina likilingana na lile la daftari, hiyo ni nguvu ya ziada. Lisipolingana, usiseme mara moja kwamba ni mwizi, kwa kuwa kadi nyingi za simu kwetu zimeandikishwa kwa jina la mume, la kaka, au la mtu mwingine aliyekuwa na kadi ya mpiga kura siku hiyo. Muulize Mama Furaha, kwa sauti, kadi imeandikishwa kwa jina la nani, kabla wewe hujamtajia jina uliloliona. Akilitaja mwenyewe, sawa. Jambo lisilosaidia hata kidogo ni kutuma dola moja ya majaribio na kuuliza “Imefika?” Itafika, bila shaka. Imefika kwa mwenye namba, awe Mama Furaha au mwingine, na mdanganyifu ndiye atakayejibu haraka zaidi.

Kuhusu heshima, ambayo naona inakusumbua kuliko teknolojia, dawa yake ni kufanya uhakiki huu kuwa kawaida ya kila zamu na siyo ya Mama Furaha peke yake. Andika katika kikundi maneno kama haya: “Wamama, kuanzia mwezi huu, kabla ya kutoa zamu, mtunza fedha atampigia kila anayepokea kwa namba ya daftari. Atakayetaka kubadilisha namba ya kupokelea aje aandikwe mbele ya mama rais au mama katibu.” Hakuna aliyetajwa, na aliye wa kweli hatajisikia kushukiwa. Ujumbe wa faragha wa yule wa +250 unaweza kuujibu kwa utulivu: “Asante mama, nitakupigia kwa namba ya daftari kama tunavyofanya kwa wote.” Kisha angalia anavyojibu. Akisema sawa, vizuri. Akianza kusema kwamba mtoto yuko hospitali, kwamba usiwaambie wengine, kwamba pesa itoke kabla ya saa kumi, usibishane naye. Shida ya kweli nayo hupitia njia hiyo hiyo ya simu moja. Na usimwombe mtu yeyote apige picha ya kadi yake ya mpiga kura na kuituma katika kikundi ili kujithibitisha. Kama yumo mtu wa nje, mtakuwa mmempa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na sura ya mwenzenu kwa mkono wenu.

Itakapoonekana kwamba ni akina mama wawili wa kweli, kazi ni ndogo. Waombe wajiandike katika WhatsApp kwa jina na jina la ukoo, na mtaa ukihitajika, na mmoja wao abadilishe picha. Katika daftari, andika majina yote matatu ya kila mmoja kama yalivyo kwenye kadi yake, namba ya WhatsApp, namba ya kupokelea pesa, na jina la mwanachama anayemfahamu nje ya kikundi. Mkiwataja katika kikundi wakati wa hesabu, ongezeni tarakimu mbili za mwisho za namba, maana makosa ya kuandika mchango wa mmoja kwa jina la mwingine ni mengi kuliko wizi.

Na ikionekana kwamba wa +250 ni mtu wa nje, mfuate mpangilio. Kwanza piga picha ya skrini inayoonyesha namba yake kamili, mstari wa jinsi alivyoingia, na ujumbe aliokuandikia. Baada ya kuondolewa, jina lake litabaki kwa siku 60 tu katika orodha ya waliotoka, na mazungumzo yanaweza kufutwa. Pili, msimamizi amtoe, aende kwenye kiungo cha mwaliko na kugusa “Réinitialiser le lien”, ili kiungo cha zamani kife, kisha awashe sharti la msimamizi kumkubali kila anayeomba kuingia. Bila hatua hiyo, anaweza kurudi jioni ile ile kwa jina la mama mwingine. Tatu, muulize kila mwanachama kama naye aliandikiwa pembeni, na muwaulize kwa simu wale wasioandika sana katika kikundi, kwa kuwa huyo mtu amekuwa akiziona namba za wote 24, na ombi alilokuletea wewe kuhusu zamu huenda amewapelekea wengine kwa sura ya mkopo mdogo wa dola tano au kumi.